Acheni Kutulazimisha Kunywa Kabla ya Kiu

Katika mbio ndefu zilizofanyika hapa Mbeya, asubuhi ya Julai ambayo wauza ndizi wa Uyole walikuwa bado wamejifunika makoti, mtangazaji alishika kipaza sauti akatuagiza tunywe chupa nzima katika kila kituo. Alisema kwamba anayesubiri kiu amekwisha kuchelewa. Nilitamani kumnyang'anya kile kipaza sauti.

Agizo hilo halikuzuka hewani. Mwaka 1996 Chuo cha Tiba ya Michezo cha Marekani kiliwashauri wakimbiaji kurudisha maji yote yanayopotea kwa jasho, au kunywa kiasi kikubwa kabisa wanachoweza kukimudu. Kufikia mwaka 2007 chuo hicho hicho kilikuwa kimeanza kuonya dhidi ya kunywa kupita kiasi, lakini yaelekea habari hiyo ilikwama njiani kabla ya kufika kwa watangazaji wetu. Kati ya shauri hilo na onyo hilo, katika mbio za Boston za mwaka 2002, mkimbiaji mwanamke wa miaka 28 alifariki kwa kunywa kupita kiasi. Watafiti waliopima damu za wakimbiaji 488 wa mbio hizo walikuta kwamba asilimia 13 walikuwa na upungufu wa sodiamu, yaani ile ya chumvi, katika damu, na dalili iliyowatambulisha vizuri kuliko zote ilikuwa kumaliza mbio wakiwa wazito kuliko walivyoanza.

Tuchukue mfano wa mwanamke wa kilo 55 anayekimbia kilomita 42 polepole, kwa saa 5, katika baridi yetu. Mwilini mwake mna lita 27 na nusu za maji hivi, na sodiamu ya damu yake ni milimoli 140 kwa lita, katikati ya kiwango cha kawaida cha 135 hadi 145. Kwa mwendo huo na hali hiyo ya hewa atatoka jasho la nusu lita kwa saa, yaani lita 2 na nusu kwa jumla. Akimtii mtangazaji, atakunywa lita moja kila saa, jumla lita 5. Maji yake sasa ni lita 30, wakati sodiamu haikuongezeka, na nyingine imetoka na jasho. Ukipiga hesabu, sodiamu ya damu yake inashuka hadi karibu 125.

Mtu atauliza kwa nini asikojoe tu. Akiwa ameketi nyumbani angekojoa, lakini mbio ndefu, maumivu na kichefuchefu huufanya mwili utoe homoni inayoziamuru figo zizuie maji hata pale yanapokuwa yamezidi. Damu ikishachujuka, maji huhamia ndani ya seli, nazo huvimba. Msuli una nafasi ya kuvimba. Ubongo umefungiwa ndani ya fuvu. Vinywaji vya wanamichezo havimwokoi, kwa kuwa vingi vina sodiamu ya takriban milimoli 20 kwa lita, hivyo navyo vinachujua damu, ila kwa ladha ya chungwa na kwa bei kubwa zaidi.

Siku ile nilimwona dada mmoja baada ya mstari wa kumalizia, pete imembana kidoleni hadi ngozi ikafura pande zote mbili, tumbo limejaa, anatapika maji meupe na kulalamika kichwa. Msaidizi alimwendea mbio, akiwa na chupa nyingine ya maji! Mtu aliyekaukiwa huwa na kiu, kinywa kikavu na uzito uliopungua. Huyu hakuwa na kiu hata kidogo. Mgonjwa wa namna hii asinyweshwe maji hadi aanze kukojoa vizuri, na supu yenye chumvi inaweza kumfaa ikiwa ana fahamu zake. Akianza kuchanganyikiwa au kupata degedege, apelekwe hospitali mara moja, ambako daktari humpa mililita 100 za maji ya chumvi ya asilimia 3. Dripu ya kawaida ya asilimia 0.9, ambayo mahema yetu huitundika kwa kila aliyeanguka, inaweza kumzidishia hatari. Dalili zaweza kuchelewa hadi saa kadhaa baada ya mbio, kwa hiyo asiachwe apande basi la Iringa peke yake.

Ninakiri, ingawa kwa shingo upande, kwamba anayekimbia kwa kasi katika joto la Dar es Salaam anaweza kukaukiwa kweli. Hata hivyo naye ana kiu ya kumwongoza. Jipime uzito kabla na baada ya mazoezi marefu: ukipungua kilo moja hivi huna tatizo, ukiongezeka hata kidogo umekunywa kupita kiasi. Dawa za maumivu kama diklofenaki ziache nyumbani siku hiyo, kwani nazo huzifanya figo zizidi kuzuia maji. Waandaaji nao waweke mizani kwenye hema la huduma ya kwanza, na wamwambie mtangazaji ataje umbali uliobaki badala ya idadi ya chupa.