Muda wa kudai fidia uanze siku mgonjwa anapojua

Ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi la mawe hauna siku ya kuumia, na hapo ndipo madai ya fidia hukwama. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007 inatambua magonjwa ya kazini pamoja na ajali, lakini miezi 12 ya kuwasilisha madai inahesabiwa humo kuanzia tarehe ya ajali. Aliyeanguka kutoka jukwaani anaijua tarehe yake. Aliyevuta vumbi atataja ipi?

Ami yangu, mkazi wa Shela hapa Malindi, alikata graniti za hoteli kwa miaka mingi, kwa grainda kavu isiyotiwa maji. Mawe yetu ya matumbawe ni chokaa na yana madini ya silika kidogo, ilhali graniti inayo kwa wingi, na chembe zake zisizoonekana kwa macho huingia ndani kabisa ya mapafu na kuacha makovu. Silikosisi, yaani ugonjwa huo wa vumbi la mawe, kwa kawaida hujitokeza baada ya miaka 10 au zaidi, na yaweza kuendelea hata mtu akiacha kazi. Ami alianza kukosa pumzi akiwa ameshaacha kukata mawe, akatibiwa kifua kikuu ingawa makohozi hayakuonyesha vijidudu. Eksirei ilikuwa na vinundu vidogo vya mviringo sehemu za juu za mapafu yote mawili, na kwa kuwa kifua kikuu nacho hupenda sehemu hizo, tena humpata kwa urahisi zaidi mwenye silika mapafuni, silaumu kwamba kilishukiwa kwanza. Ninacholaumu ni kwamba hakuna aliyemuuliza alikata jiwe gani, kwa miaka mingapi, na kama maji yalitumika. Bila majibu hayo picha haiwezi kusomwa kuwa ya ugonjwa wa kazini.

Mwaka 1963, katika kesi ya Cartledge dhidi ya Jopling, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliwakatalia fidia wafanyakazi wa chuma walioathiriwa na vumbi, kwa kuwa muda ulihesabiwa tangu mapafu yalipodhurika, hata kama hawakuweza kujua. Majaji wenyewe waliona matokeo hayo si ya haki, na Bunge likabadilisha sheria mwaka huo huo. Sheria yetu ya ukomo wa mashauri nayo inaruhusu mahakama kuongeza muda kwa mdai wa majeraha ambaye hakujua mambo ya msingi. Naona madai ya mafao ya vumbi yastahili kanuni iliyo wazi zaidi: muda uanze siku daktari anapomwambia mgonjwa, kwa maandishi, kwamba maradhi yake yametokana na kazi.

Hata hivyo, tarehe haimsaidii asiye na ushahidi wa kazi. Kibarua wa ujenzi hulipwa mkononi, na mkandarasi huenda akafunga kampuni kabla kikohozi hakijaanza. Kwa ami, taarifa ya michango ya NSSF ilionyesha sehemu tu ya miaka yake. Iliyobaki ilitegemea mafundi wenzake waliokubali kuandika viapo. Afisa wa afya kazini anapaswa kuupokea ushahidi huo kwa uzito ule ule anaoupa eksirei.