Kabla ya kumfunga mama, ulizeni watoto wako na nani

Chukua mfano wa mama wa Pasua, hapa Moshi, aliyekamatwa na lita tano za gongo. Amekiri kosa. Hakimu amempa faini au kifungo cha miezi sita, na hela hana, kwa hiyo anapandishwa karandinga mchana uleule. Kichanga cha miezi minane kiko kwa jirani. Wakubwa wawili wako shuleni, hawajui lolote.

Jioni maziwa yamejaa. Mama anayenyonyesha akitenganishwa ghafla na mtoto, titi hukaza na kuuma, na asipokamua anaweza kupata homa, hata jipu. Anahitaji taulo za kike, maji na mhudumu wa afya wa kike, lakini usiku ule anahitaji zaidi mtoto wake. Mtoto anayenyonya anaweza kukaa gerezani na mama, ila lazima apatikane mtu wa kumpeleka, na akifika ataishi nyuma ya kuta kwa kosa lisilo lake. Huko nyumbani, binti wa darasa la tano anageuka mpishi na mlezi. Baba akifungwa, mara nyingi mama anabaki na watoto. Mama akifungwa, watoto hugawanywa kwa bibi na mashangazi, au wanabaki wenyewe.

Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2003, unasema katika ibara ya 30 kwamba kwa mama wa watoto wadogo, adhabu isiyo kifungo ifikiriwe kwanza. Nasi tunayo Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002, kwa makosa ambayo kifungo chake hakizidi miaka mitatu. Mama wa gongo angefagia zahanati ya kata mchana na kulala na wanawe usiku.

Mambo yanaharibikia pale mshtakiwa anapoulizwa kama ana la kusema kabla ya adhabu. Hana wakili, anatetemeka, anajibu, "Naomba mnisamehe." Suala la mtoto halitajwi, kwa hiyo haliandikwi, na afisa wa huduma kwa jamii haombwi ripoti yoyote.

Nataka hakimu aulize mwenyewe: una watoto, wana umri gani, leo watalala kwa nani? Najua wapo wanaosema wanawake watajificha nyuma ya watoto. Kadi ya kliniki ipo, mwenyekiti wa mtaa anapigiwa simu, na ukweli unajulikana siku hiyohiyo. Na pale kifungo kisipoepukika, Kanuni za Bangkok za Umoja wa Mataifa, za mwaka 2010, zinataka mama apewe nafasi ya kupanga malezi ya wanawe, hata kwa kuahirisha kifungo kwa muda. Siku mbili zingemtosha mama huyu kufika kwa bibi, kumkabidhi watoto na kuzungumza na mwalimu wao.