Nafasi moja tu, na orodha yote inagoma

Jamani, mwenye kufuta seli za Excel kwa kubonyeza kitufe cha nafasi, atanitoa roho siku moja.

Niko hapa Goma, kwenye depo ya maharage. Safu ya B ina majina ya wauzaji, yamejirudia mpaka basi. Ili nipate kila jina mara moja tu, nikaandika katika D2:

```
=UNIQUE(B2:B240)
```

Fomula hiyo inaandikwa mara moja, halafu yenyewe inamwaga majina kushuka chini. Sasa ilikuwa na majina 31, kwa hiyo inahitaji D3 mpaka D32 ziwe tupu kabisa. Ikanipa `#SPILL!`. Natazama chini: nyeupe tupu! Nikaandika fomula upya mara tatu, kumbe haina kosa lolote.

Nikabofya D2, mistari ya vitone ikaonyesha eneo linalotakiwa. Kwenye alama ya onyo pembeni nikachagua `Select Obstructing Cells`, ikanirusha D19. Nikapima kwa `=LEN(D19)`, jibu 1. Mwenzangu "alifuta" namba kwa nafasi! Nafasi ni herufi, ndugu yangu, hata kama huioni. Nikabonyeza Delete, majina yakashuka yote papo hapo.

Na bado. Huyo huyo ameweka jumla yake D36. Siku wauzaji wakifika 35, orodha itagonga pale na kosa litarudi. Jumla hiyo nimeihamishia F1 bila kumwambia, atanitafuta mwenyewe.