Salim si Salum: umbali wa herufi katika daftari la majina

Majina ya wakaazi yanapohamishwa kutoka daftari la shehia kwenda kwenye kompyuta, mengine huingia kombo. Njia iliyozoeleka ya kuyasaka ni kupima umbali wa herufi: hatua chache kabisa za kuongeza, kufuta au kubadilisha herufi moja moja hadi neno moja liwe jingine. Vladimir Levenshtein aliueleza umbali huo mwaka 1965. Ni njia nzuri ya kumpendekezea karani jina. Ikiachiwa isahihishe yenyewe, kwa majina ya Unguja na Pemba inaharibu.

Uzuri wake ni kwamba haihitaji kujua lugha yoyote. Maneno mawili hupangwa kwenye jedwali, moja juu na jingine ubavuni, ukingo wa juu na wa kushoto hujazwa 0, 1, 2 na kuendelea, na kila chumba kinachobaki hupewa namba ndogo kuliko zote kati ya tatu: ya chumba cha juu ukiongeza 1, ya kushoto ukiongeza 1, au ya mshazari, ambayo haiongezwi kitu kama herufi zinafanana na huongezwa 1 kama zinatofautiana. Namba ya pembe ya chini kulia ndiyo jibu. "Mkame" na "Makame" hutoa 1. Kwa kuteleza kwa vidole hakuna kipimo chepesi kuliko hiki. Frederick Damerau alionesha mwaka 1964 kwamba zaidi ya asilimia 80 ya makosa aliyoyachunguza yalikuwa kosa moja tu: herufi imezidi, imepungua, imebadilika, au mbili jirani zimepishana. Kupishana lazima kuongezwe kwenye programu kama hatua ya nne, la sivyo "Slaim" atahesabiwa yuko hatua mbili kutoka kwa Salim.

Taabu ni kwamba makosa mengi ya majina yetu hayatoki kwenye vidole. Yanatoka sikioni, na mengine si makosa hata kidogo. Fatma na Fatuma wako umbali wa 1, na ni jina lile lile. Salim na Salum nao wako umbali wa 1, na ni majina mawili. Khamis na Hamisi ni 2; Khamis na Khalid pia ni 2. Namba peke yake haiwezi kutenganisha jozi hizi, hata ukipandisha au kushusha kikomo cha umbali unaoruhusiwa.

Wapo wanaosema basi tuache herufi tupime sauti, kwa Soundex. Mfumo huo ulitungwa kwa matamshi ya Kiingereza na hulipa kila jina msimbo wa herufi yake ya kwanza na tarakimu tatu: Khamis hupata K520, Hamisi H520, kwa hiyo wanatengana. Salim na Salum wote hupata S450, kwa hiyo wanaungana. Ni kinyume kabisa cha tunachokitaka.

Linalofaa zaidi ni kuyasawazisha majina kwanza kwa kanuni za hapa, kisha kupima umbali wa yaliyosawazishwa:

```python
def ufunguo(j):
    j = j.lower()
    for a, b in (("kh","h"), ("dh","z"), ("th","s")):
        j = j.replace(a, b)
    if len(j) > 4 and j.endswith("i"):
        j = j[:-1]
    return j
```

Sasa Khamis na Hamisi wote wanakuwa "hamis", umbali 0, na Khalid anabaki 2. Othman na Osman nao wanakutana. Fatma na Fatuma bado ni 1. Hapo hatua ya kuongeza irabu kati ya konsonanti mbili ipunguzwe bei iwe 0.5, lakini kubadilisha irabu kwa irabu kubaki 1, ili Salim asimeze Salum. Ufunguo huu ni wa kulinganishia tu. Jina lihifadhiwe kama mwenyewe anavyoliandika.

Kosa baya zaidi hutokea jina zima likipimwa kwa pamoja. "Salim Khamis Ali" na "Salum Khamis Ali" yana herufi 16 kila moja ukihesabu nafasi, na umbali wao ni 1. Programu itasema yanafanana kwa karibu asilimia 94. Huenda hao ni ndugu wa baba mmoja. Kwa kuwa sisi hubeba jina la baba na la babu, ndugu hufanana sehemu kubwa ya jina kabla hata hujaanza kupima. Kwa hiyo kila sehemu ipimwe peke yake, na kikomo kifuate urefu: herufi hadi nne, 1, zaidi ya hapo, 2. Kikomo cha 2 kwa jina fupi kingemgeuza Ali kuwa Ame.

Dalili ya kwamba programu inaunganisha watu huonekana kwa kuhesabu kila jina kabla na baada ya usahihishaji. Zikipungua Salum na kuongezeka Salim kwa idadi ile ile, sitisha kazi, rudisha nakala ya awali, na umpe karani mapendekezo matatu achague huku akitazama tarehe ya kuzaliwa na jina la mama.