Sukari ya Langoni: Si Husuda, Ni Hesabu

Jana baada ya Alasiri, barazani hapa Langoni, mtu mzima alisema mjomba wangu na jirani yake wameshushiana bei ya sukari kwa husuda. Nilirudi nyumbani moyo ukiniuma. Nawajua watu hawa. Maduka yao yako ukuta kwa ukuta, wanaazimana mizani, mmoja akienda kuswali mwenzake anamwangalizia duka. Na bado wanaumizana.

Nichukue tarakimu nyepesi za mfano. Mtaa unanunua kilo 100 kwa siku. Wao hupata kilo kwa shilingi 140, huiuza 160. Wakigawana wateja sawasawa, kila mmoja anauza kilo 50 na kupata faida ya 1,000. Mmoja akishuka peke yake hadi 155, anauza kilo 90 na kupata 1,350. Mwenzake anabaki na kilo 10, yaani 200. Wakishuka wote, kila mmoja anarudi kwenye kilo 50, faida 750.

Sasa kaa kwenye kiti cha mjomba kabla hajafungua mlango. Jirani asiposhuka, kushuka kunampa 1,350 badala ya 1,000. Jirani akishuka, kunampa 750 badala ya 200. Kwa vyovyote, kushuka kunamfaa. Upande wa pili wa ukuta, jirani anapiga hesabu hiyo hiyo. Hakuna aliyekosea, na wote wanaambulia 750 ilhali 1,000 ilikuwapo. Wanahisabati Merrill Flood na Melvin Dresher walilichunguza jambo hili mwaka 1950. Mwanahisabati mwenzao, Albert Tucker, akalivisha kisa cha wafungwa wawili wanaohojiwa kila mmoja peke yake, likaitwa mtanziko wa mfungwa.

Si wangezungumza? Ahadi ya usiku haiziondoi zile 1,350 za asubuhi. Kinachozuia ni kesho. Anayeshuka leo anaongeza 350, lakini jirani akimjibu, anapoteza 250 kila siku bei ikibaki chini. Siku ya pili tu ya kujibiwa, ile nyongeza imeshaliwa yote. Ndiyo maana bei yao ilitulia miaka yote.

Kilichoiharibu ni pango. Jirani ameambiwa ahame mwisho wa mwezi, na wote wawili wanajua. Siku ya mwisho hakuna kesho ya kuogopa, basi kila mmoja atashuka. Ikiwa siku hiyo watashuka kwa hali yoyote, kujizuia siku moja kabla hakulindi kitu. Rudi nyuma hivyo hivyo, siku baada ya siku, unafika leo.

Haya, nakubali kwa shingo upande: mama mwenye watoto watano amepumua kwa shilingi tano hizo, na wenye maduka kupatana bei ni kosa kwa Sheria ya Ushindani ya Kenya ya 2010. Lakini husuda? Hapana, wallahi.

Jana usiku nilimweleza mjomba hesabu hii yote. Akaniuliza jambo moja tu: mpangaji ajaye atakaa muda gani?