Kabla hujaongeza RAM, angalia kwanza nani anaifungua video yako

Kila mtu akilalamika kwamba video inakwama kwama akiwa anaediti, jibu la kwanza atakalopewa ni "ongeza RAM", la pili ni "nunua kadi kubwa ya picha". Mimi nimefuata hilo jibu la kwanza na hela yangu ikaenda, kwa hiyo leo nasema wazi kabisa: ushauri huu unaumiza watu, manake unatolewa bila mtu hata kuuliza hizo klipu zimerekodiwa kwa kodeki gani, yaani njia gani ya kubana video.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa na mahojiano ya kamera mbili, 4K, fremu 25 kwa sekunde, na laptopu yenye RAM 16 na kadi ya picha ya pembeni, sio mashine mbovu. Klipu moja peke yake ilikuwa inajikokota, nikiweka zote mbili kwenye taimlaini picha inaganda, sauti inaendelea yenyewe, halafu picha inaruka mbele kuikimbilia. Nikaongeza RAM ikafika 32. Hakuna kilichobadilika, hata kidogo.

Ndo nikafanya kitu ambacho ningepaswa kuanza nacho. Nikafungua Task Manager pembeni, nikabonyeza plei kwenye taimlaini, nikatazama grafu video ikiwa inacheza. Prosesa ilikuwa inagonga asilimia 96. RAM ilikuwa haijafika hata GB 12. Diski imetulia. Sasa nikaingia upande wa GPU, yaani kadi ya picha, kuna grafu moja inaitwa Video Decode, na hiyo ilikuwa sifuri, imelala kama mstari wa rula. Hapo ndo jibu lilipo, manake inamaanisha kile kipande cha kadi kilichotengenezwa maalumu kufungua video hakifanyi kazi yoyote, na mzigo wote kabebeshwa prosesa.

Kwa nini? Nikaiuliza klipu yenyewe kwa ffprobe, programu ndogo inayokuja pamoja na ffmpeg:

```
ffprobe -v error -select_streams v:0 -show_entries stream=codec_name,pix_fmt,avg_frame_rate -of default=nw=1 klipu.mp4
```

Ikajibu `hevc`, `yuv422p10le`, `25/1`. Hiyo ya katikati ndo ya kuangalia kwa makini. Ni H.265 yenye rangi 4:2:2 na biti 10, kamera nyingi za siku hizi zinarekodi hivyo na ni nzuri sana kwa kupaka rangi, ila kadi nyingi hazina saketi ya kuifungua. Kwa Nvidia, kuanzia RTX 40 kurudi nyuma hazifungui H.265 ya 4:2:2, imeanza na RTX 50. Cha ajabu GPU ndogo iliyomo ndani ya prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 11 inaiweza, na chipu za Apple kuanzia M1 zinaiweza pia. Kwa hiyo unaweza kukuta laptopu nyepesi inacheza vizuri klipu ambayo kompyuta kubwa yenye kadi ya bei mbaya inashindwa, na mwenye kompyuta anachanganyikiwa. Klipu za simu kwa kawaida ni 4:2:0, yaani zina taarifa chache zaidi za rangi kuliko 4:2:2, hizo kadi inazifungua bila shida, ndo maana unasikia mtu anasema "mbona za simu zinacheza na za kamera hazichezi".

Halafu kuna jambo la jinsi H.265 yenyewe inavyohifadhi picha, na hili watu wengi hawaambiwi. Faili halina picha nzima kwa kila fremu. Kuna fremu moja nzima, halafu zinazofuata zinahifadhi tofauti tu na za jirani. Ukiruka katikati ya klipu, kompyuta inabidi irudi kwenye ile fremu nzima ya nyuma, ifungue zote zinazohitajika mpaka ifike ulipobonyeza, ndipo ikuonyeshe picha moja. Na kwa fremu 25 ina milisekunde 40 tu kwa kila fremu, kamera mbili zikicheza pamoja ni fremu mbili ndani ya hizo hizo 40. Ikichelewa inaitupa fremu na kwenda inayofuata, ndo huko kuruka unakokuona.

Ndo maana pia kushusha ubora wa priviyu kwenda nusu au robo mara nyingi hakusaidii kwa faili za aina hii, manake prosesa inabidi kwanza ifungue 4K yote ndipo ipunguze. Inasaidia kama kinachokulemea ni efekti, kama kupunguza chenga au rangi nyingi, sio kama kinachokulemea ni kufungua faili. Jaribio lake ni rahisi, zima efekti zote kwenye klipu: ikicheza vizuri tatizo ni efekti, ikiendelea kukwama tatizo ni faili.

Dawa yangu ni proksi, na sijaona inayoifikia kwa mashine ya kawaida. Unatengeneza nakala ndogo za klipu, unaediti nazo, halafu wakati wa kutoa kazi, yaani ekspoti, programu inarudi kwenye faili za asili. Premiere na Resolve zote zinazitengeneza zenyewe, ila mimi huwa naziacha usiku kwa amri hii:

```
ffmpeg -i klipu.mp4 -vf scale=960:540 -c:v prores_ks -profile:v 0 -pix_fmt yuv422p10le -c:a pcm_s16le klipu_proksi.mov
```

Kwenye ProRes, kodeki ambayo amri hiyo inatumia, kila fremu ni nzima, haitegemei jirani, na 960 kwa 540 ni moja ya kumi na sita ya pikseli za 4K. Zile kamera mbili zilizokuwa zinaganda zilicheza pamoja moja kwa moja, prosesa ikashuka, nikawa naburuta kichwa cha taimlaini mbele na nyuma na picha inafuata kidole. Usibadilishe idadi ya fremu kwa sekunde wala idadi ya chaneli za sauti, ukibadilisha programu itakataa kuziunganisha au picha itapishana na sauti. Na kabla hujatoa kazi hakikisha chaguo la kutumia proksi kwenye ekspoti halijawekwa tiki, la sivyo utamkabidhi mteja picha iliyovutwa kutoka 540.

Kuhusu ekspoti yenyewe, hapa watu wanachanganya. Mashine dhaifu haitupi fremu ikiwa inatoa faili, manake ekspoti haikimbizani na saa, fremu ikichukua sekunde mbili itasubiriwa sekunde mbili. Kwa hiyo faili likitoka linakwama, kwanza shuku pleya unayoitazamia. Hesabu fremu:

```
ffprobe -v error -select_streams v:0 -count_frames -show_entries stream=nb_read_frames -of csv=p=0 kazi.mp4
```

Dakika 10 za faili la fremu 25 lazima ziwe 15000 au karibu sana na hapo, na za faili la fremu 30 ziwe 18000. Zikiwa zimetimia, fungua kwenye VLC na ubonyeze E fremu moja moja pale inapokwama. Picha ikisogea kila ukibonyeza, faili ni zima na kifaa cha kutazamia ndo kimeshindwa, toa nakala ya H.264 yenye 1080. Ukikuta fremu mbili zinafanana kabisa, halafu nne zinasogea, halafu mbili tena zinafanana, basi klipu ya fremu 25 imewekwa kwenye taimlaini ya 30, na hilo hakuna kadi duniani italirekebisha, unarudi kwenye mipangilio ya taimlaini unaiweka 25 na unatoa upya.