Masikio Yako ni Sahani

Jioni watoto wa mtaa wetu hapa Goma hupanga mabido kwenye bomba, na maji yakichelewa huanza kutukanana kwa vina. Juzi mmoja alimwambia mwenzake: "Masikio yako ni sahani, mvua ikianguka tunateka maji ndani!" Yule mwingine hakukawia: "Na weye, pua yako iko tundu ya panya, paka akikuona hajui cha kufanya!" Watoto wakapiga kelele, mmoja akaanguka juu ya bido kwa kucheka.

Mama jirani aliwafokea kwamba wanakosa adabu. Mimi naona adabu ilikuwepo, tena kali. Tusi la mchezo sharti liwe uongo ambao kila mtu anaujua. Hakuna aliyewahi kuteka maji kwenye sikio la mtu. Mwanaisimu Mmarekani William Labov, aliyechunguza vijana wa Harlem, Niuyoki, miaka ya 1960, aliona jambo hilohilo: tusi la mchezo hujibiwa kwa tusi jingine, lakini tusi la kweli hujibiwa kwa kukana.

Nikaliona dakika chache baadaye. Mwenye masikio, alipoona anashindwa, alisema: "Papa yako aliuzisha chukudu." Bila kina, na ilikuwa kweli: kile kigari chao cha mbao cha kusukuma mizigo kiliuzwa. Kicheko kikakatika. Yule wa pua akajibu polepole, "Hakuuzisha, aliazimisha tu." Hapo nikajua mchezo umekwisha. Lakini aliyepoteza heshima ni yule aliyetaja chukudu: watoto walimgeuzia mgongo, na maji yalipokuja walimsukuma nyuma ya foleni.

Kwa hiyo sikubali kwamba michezo hii inafundisha ukatili tu. Inafundisha kwamba ukubwa hautoki kwa mwenye kutukana wala kwa mwenye kutukanwa, unatoka kwa wanaosikiliza. Mwenye pua ni mdogo, ngumi zake hazitishi mtu, na kwao hakuna kitu. Kwa mistari miwili alikuwa mkubwa wa bomba. Kina ndicho kilichombeba, maana anayetukana kwa kina huonyesha kwamba amefikiri, hajakasirika. (Sisi wakubwa tungejaribu hivyo kwenye mikutano ya parsela.)

Na kwa nini haiishi, pamoja na viboko vyote? Kwa sababu hatuifundishi sisi. Mtoto wa miaka 10 humpa wa miaka 7, na huyo naye hana haja ya kushika mstari mzima, anashika kina na kubadilisha vitu: jana sahani, leo simu yenye kioo kilichopasuka.

Asiye na nafasi ni mtoto mgeni, aliyekimbia vita juzi na hajui bado kipi ni uongo wa wote. Kwake kila tusi linaweza kuwa kweli. Yupo mmoja pale bombani. Husimama pembeni na bido lake, anacheka wengine wakishamaliza kucheka.